Mwombaji ana pengo la miezi 30 kwenye wasifu wake: tukate alama au tuache?

#1 Kijana wa Chuno
Wakuu, habari za jioni. Nipo kwenye kamati ndogo ya ajira ya ghala moja la korosho hapa Mtwara. Tunatafuta msimamizi msaidizi wa ghala awe ameshazoea kazi kabla msimu haujafunguliwa Oktoba. Maombi yamekuja rundo, kwa hiyo tumepewa fomu ya kupanga alama, jumla 100.

Elimu ina 20. Uzoefu wa kazi ya ghala una 40, kila mwaka kamili alama 8, ukifika miaka mitano umejaza. Ujuzi una 30, yaani kupokea mzigo, stakabadhi, hesabu za stoo na kompyuta. Kisha kuna kipengele kinaitwa "mwendelezo wa kazi", alama 10, na hapo kila miezi sita ambayo mtu hakuwa kazini inakata alama 2.

Sasa kuna mwombaji namba 14, dada wa Masasi. Alikuwa ghala la chama kikuu cha ushirika kuanzia Machi 2017 hadi Februari 2021. Halafu kimya mpaka Septemba 2023, alipoanza kukaa duka la vifaa vya ujenzi, na yupo hapo hadi leo. Elimu 16, uzoefu 32, ujuzi 24, mwendelezo 0. Jumla 72.

Namba 6 ana elimu 16, uzoefu 24, ujuzi 24, mwendelezo 10. Jumla 74.

Tunaita watano kwenye usaili. Namba 6 ni wa tano, namba 14 ni wa sita. Bosi anasema fomu ndiyo fomu. Mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila nashindwa kukitolea hoja. Nisaidieni.

#2 Kuchele Asilia
Ntwara kuchele! Ngoja nivute kiti, uzi wa kwanza mwezi huu usiohusu bei ya korosho.

#3 Mzee wa Stoo
Bosi wako yuko sahihi. Nimekaa ghalani tangu enzi mfumo wa stakabadhi unaanza huku kwetu. Kazi hii ukiiacha miaka miwili inakutoka mkononi. Mtu anarudi hajui hata lori lianzie wapi kushusha. Msimu ukishafunguka hakuna nafasi ya kumfundisha, malori yanapanga foleni usiku kucha. Pengo ni pengo, kata.

#4 Jembe la Tandahimba
Nakazia #3. Na tuseme ukweli, mtu aliyekaa nyumbani miaka miwili na nusu ana sababu. Ama ni mvivu, ama alifukuzwa huko, ama kuna mahali pesa ilipotea. Ghala ni mali za watu hizi.

#5 Binti Mikindani
#4 ama alizaa, ama aliuguza mzazi, ama mume alihamishwa. Mbona hizo hukuziandika?

#6 Jembe la Tandahimba
Hizo nazo ni sababu dada, ila mimi mwajiri nitajuaje?

#7 Binti Mikindani
Ndiyo hivyo, hujui. Sasa kama hujui unakata alama 10 za nini?

#8 Afisa Mstaafu
Ndugu mleta uzi, hicho unachokihisi kina hoja, nami nitajaribu kukieleza taratibu. Nimefanya kazi za utumishi miaka mingi, serikalini na baadaye kwenye mashirika.

Mwache huyo dada kwanza, tazama fomu. Uzoefu unalipwa alama 8 kwa kila mwaka aliofanya kazi ya ghala. Ile miezi 30 ambayo hakuwa kazini haikumpa hata alama moja kwenye kipengele hicho. Angebaki ghalani muda wote huo angekuwa na miaka sita na nusu, na kwa kuwa kikomo ni miaka mitano, angepata 40 badala ya 32. Maana yake ni kwamba pengo limeshamgharimu alama 8 kabla hujafika kwenye mwendelezo. Ukifika huko unamkata tena 10 kwa miezi ileile. Kosa moja, adhabu mbili, na hata kwamba ni kosa hatujathibitisha.

Sasa ondoa kipengele cha mwendelezo ubaki na vitatu, jumla 90. Namba 14 ana 72. Namba 6 ana 64. Yaani kwa kila jambo linalohusu kazi yenyewe, huyu mnayemwacha nje ama yuko sawa na yule mnayemwita, ama anamzidi. Kilichowageuza ni hizo alama 10 peke yake.

Muulize bosi swali moja: hizo alama 10 zinapima nini ambacho uzoefu na ujuzi havijapima? Akipata jibu, kipimwe hicho. Akikosa, kipengele kitoke.

#9 Kijana wa Chuno
Mkuu #8 hapo umenifungua. Asante. Naandika haya maneno kesho nayapeleka.

#10 Mzee wa Stoo
Jibu nimeshalitoa #3. Zinapima kutu.

#11 Afisa Mstaafu
Mzee mwenzangu, kutu ni hoja halali, siikatai. Ila tuipime kama kutu. Kwenye kazi ya ghala la korosho, ni nini kilichobadilika tangu Februari 2021 ambacho yeye hakukiona?

#12 Mzee wa Stoo
Vingi. Minada sasa inapitia soko la bidhaa la mtandaoni, TMX, tangu msimu wa 2024/25, siyo yale masanduku ya barua za wanunuzi. Makaratasi ya kutoa mzigo yamebadilika. Mizani ya kidijitali imeenea kuliko zamani. Wasimamizi nao ni wengine.

#13 Afisa Mstaafu
Vizuri sana. Sasa mleta uzi, huyo namba 6 ambaye hana pengo, hiyo miaka yake mitatu ya ghala ni ghala la nini?

#14 Kijana wa Chuno
Saruji na mabati mkuu. Korosho hajawahi kuigusa, ila kazi ya ghala tumeihesabu yote sawa.

#15 Kuchele Asilia
😂😂 Mzee wa Stoo umeingia wavuni mwenyewe. Wa saruji naye TMX haijui, na alama zake 10 kazichukua kamili.

#16 Mzee wa Stoo
Sijaingia popote. Nasema wote wawili wapimwe.

#17 Binti Mikindani
Ndiyo tunachosema wote tangu mwanzo baba.

#18 Mhitimu wa Ndanda
Wakuu samahani, na mimi nina pengo kwenye sivii yangu, nilimaliza chuo 2021 sijapata kazi mpaka 2024. Nijaze nini hapo ili nisikatwe? Rafiki yangu kaniambia niandike "mjasiriamali".

#19 Jembe la Tandahimba
Mdogo wangu uzi huu ni wa wanaokata, siyo wanaokatwa.

#20 Kangomba Mstaafu
Muacheni dogo, kaleta jambo zito bila kujua. Mimi miaka yangu miwili nilikuwa kwenye korosho usiku na mchana, nanunua kimagendo, napima, nasafirisha. Nikiandika kazi yenyewe kwa jina lake polisi ndio watakaoniita usaili. Nikiacha wazi nakatwa. Basi nikaandika "biashara binafsi ya mazao", nikaitwa. Jirani yangu alikuwa anamuuguza baba yake aliyepooza, akaacha wazi kwa sababu hajui kudanganya. Hakuitwa.

#21 Afisa Mstaafu
#20 umesema kwa kucheka lakini hilo ndilo linalonifanya nisikipende kipengele cha mwendelezo. Hakikati mapengo, kinakata mapengo yaliyoachwa wazi. Anayejua kuyafunika kwa maneno mawili anapita. Kamati inadhani inachuja wazembe, kumbe inachuja waliosema kweli.

Mhitimu wa Ndanda, usiandike ujasiriamali kama hukufanya. Ukiulizwa ulikuwa unauza nini na wapi, utakwama palepale. Andika mwezi na mwaka uliomaliza, andika mwezi na mwaka ulioanza kazi. Kama kuna kazi ya kujitolea au ya msimu uliyofanya katikati, iweke hata kama ilikuwa ya wiki chache.

#22 Dereva wa Bomba
Na mimi nichangie langu. Wakati linajengwa bomba la gesi la kwenda Dar nilikuwa dereva wa magari makubwa. Bomba lilipokamilika 2015, mkandarasi akafunga virago, tukabaki kundi zima hapa Mtwara na Lindi hatuna kazi. Wengine tulikaa zaidi ya mwaka. Tulisubiri tena ule mradi wa gesi ya kimiminika pale Likong'o Lindi, tunaambiwa mwakani, mwakani. Nikienda kuomba kazi naulizwa "mbona ulikaa bila kazi?" Jamani mradi umeisha! Mji mzima unajua. Ningekuwa mzembe wasingeniacha na lori la mabomba barabara ya Kilwa.

#23 Jembe la Tandahimba
Hiyo inaeleweka, mradi uliisha.

#24 Dereva wa Bomba
Inaeleweka kwako wewe wa huku. Anayepanga alama akiwa Dar haelewi. Anaona 2015, anaona 2017, anakata.

#25 Mwanasheria wa Kijiweni
Wadau mnazunguka bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa mwajiri kuuliza wala kuhesabu pengo la ajira. Huyo bosi apelekwe CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

#26 Afisa Mstaafu
#25 tupunguze kasi. Neno pengo halimo kwenye sheria hiyo. Kilichomo ni kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja, kwa misingi iliyotajwa: jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri, VVU na mengine. Na kwa kifungu hicho mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mfanyakazi, na vigezo vya uteuzi vimo ndani yake. Kwa hiyo hapo nusu ya maneno yako yamesimama.

Hoja ya mleta uzi inaingilia kwenye huo ubaguzi usio wa moja kwa moja. Kanuni ya kukata alama 2 kila miezi sita haimtaji mwanamke popote. Lakini tazama ni nani hasa anaacha kazi kwa kuzaa, kwa kulea, kwa kumfuata mwenza aliyehamishwa. Kanuni ikiwaangukia wao zaidi kuliko wengine, na mwajiri akashindwa kuonyesha kwamba kazi yenyewe inadai hivyo, yuko mahali pabaya. Sheria inamruhusu kutofautisha watu kwa matakwa halisi ya kazi. Kujua stakabadhi ghalani ni takwa la kazi. Kutokuwahi kukaa nyumbani siyo.

Ila kusema kuuliza tu ni kosa, hapana.

#27 Mwanasheria wa Kijiweni
Nimekubali kwa masharti. Ila bosi apelekwe tu.

#28 Nesi wa Lindi
Huku kwetu afya jambo hili lina njia yake. Muuguzi akirudi baada ya miaka, swali la kwanza ni leseni yake ya Baraza iko hai au imelala. Kama iko hai, amekidhi. Kama imelala, anaihuisha kwanza. Hakuna anayekaa kuhesabu alikuwa nyumbani miezi mingapi. Nilitoka miaka miwili kumuuguza mama, nikarudi na leseni, nikapangiwa wodi. Wiki ya kwanza nilikuwa mzito, sikatai. Ya pili nilikuwa sawa.

#29 Mzee wa Stoo
Ghala halina leseni ya mtu, nesi. Hapo ndipo shida. Wewe una baraza la kusema huyu bado anafaa. Sisi tuna macho tu.

#30 Mhasibu wa Mtanda
Naomba niingie kwenye jambo ambalo wote mmelipita. Hiyo miezi 30 mmeihesabuje? Kwenye maombi mengi ninayoyaona watu wanaandika mwaka tu: "2019 – 2020". Hiyo inaweza kuwa Desemba 2019 hadi Januari 2020, miezi miwili. Inaweza kuwa Januari 2019 hadi Desemba 2020, miezi 24. Ukiwa na kazi mbili, "2017 – 2019" na "2020 – 2023", kwa macho hakuna pengo, lakini kati yake unaweza kuficha karibu miaka miwili. Aliyeandika miezi yake kwa uaminifu ndiye pengo lake linaonekana. Ni yaleyale ya #20.

Kwa hiyo kabla ya kupanga alama, kila mwombaji aandike mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Ambaye hakuandika apigiwe simu aulizwe, wote, siyo wale unaowashuku. Halafu kwenye Excel, tarehe ya kuanza iko B2, ya kumaliza C2:

```
=DATEDIF(B2,C2+1,"m")
```

Hiyo +1 msiisahau. Kuanzia 1 Machi 2017 hadi 28 Februari 2021 ni miezi 48 kamili, lakini bila +1 inakupa 47, na kwa fomu yenu ya "mwaka kamili" mtu anashuka kutoka miaka minne hadi mitatu. Alama 8 zimepotea kwa siku moja.

Na mtu akiwa na kazi mbili kwa wakati mmoja msijumlishe miezi mara mbili.

#31 Kijana wa Chuno
Mhasibu #30, aisee. Tumetumia ile bila +1. Narudi kuangalia wote. Namba 14 alihesabiwa kwa mkono ndiyo maana alipata 32.

#32 Kuchele Asilia
Kamati nzima inakata watu alama na kalenda yenyewe haijui kuhesabu 😂

#33 Jembe la Tandahimba
Bado hamjanijibu mimi. Mtu alifukuzwa kwa wizi, akaficha. Pengo ndiyo dalili pekee ninayoiona kwenye karatasi. Nikiacha kulikata, namleta mwizi ghalani.

#34 Mama wa Lukuledi
Mwizi mzoefu hana pengo mwanangu. Akifukuzwa Jumatatu, Alhamisi yuko kwa mwingine, maana anajua kujieleza. Tuliwahi kuwa naye mmoja kwenye AMCOS, chama chetu cha msingi cha wakulima, sivii yake ilikuwa imenyooka haina hata mwezi mtupu.

#35 Afisa Mstaafu
#33 swali lako ni la haki na jibu la Mama #34 limetangulia langu. Hofu ya wizi ina dawa yake, ila iko mahali pengine. Mwajiri anapomwachisha mtu kazi anatakiwa kisheria ampe cheti cha utumishi. Waombeni wote walioingia orodha ya mwisho wavilete, na wapigieni wadhamini wa kazi mbili za mwisho. Cheti hakitakuambia kila kitu, ila kitathibitisha tarehe na kazi aliyofanya, na simu itakuambia mengine. Ukimkuta asiye na cheti usimhukumu palepale, maana waajiri wengi huku hawavitoi.

Hali ni hiyohiyo kwenye taarifa za michango ya NSSF. Zikiwepo zinathibitisha alikuwa kazini. Zisipokuwepo hazithibitishi kwamba hakuwa, kwa kuwa wapo waajiri wasiopeleka michango.

#36 Jembe la Tandahimba
Sawa, lakini hizo ni kazi nyingi mkuu. Maombi zaidi ya mia, unampigia nani? Alama za pengo zinasaidia kupunguza rundo.

#37 Binti Mikindani
Ahaa! Sasa tumefika kwenye ukweli. Siyo kutu, siyo wizi. Ni uvivu wa anayesoma.

#38 Jembe la Tandahimba
Siyo uvivu, ni muda. Kaa wewe na mafaili mia na kumi halafu uje uniambie.

#39 Afisa Mstaafu
Muda ni shida ya kweli. Ila rundo likatwe kwa takwa la kazi. Mleta uzi, kama kazi inadai mtu aliyewahi kupokea korosho ghalani, weka hilo mbele kabisa kama sharti la kupita au kutopita. Utashangaa rundo litakavyopungua, na hutakuwa umemgusa mtu kwa maisha yake ya nyumbani. Vyeti na simu ni kwa wale wachache wanaobaki, siyo mia.

#40 Mzee wa Stoo
Na hapo namba 6 wa saruji anaondoka mwenyewe.

#41 Kuchele Asilia
Mzee kahamia upande wa pili taratibu kama hakuna aliyemwona.

#42 Mzee wa Stoo
Sijahama. Nasema hivi, pengo lisikatwe kwenye karatasi, likapimwe kwa kazi. Mimi nikiletewa mtu nampa karatasi moja. AMCOS imeleta lori, hati inasema magunia 120, kilo 9,600. Mizani ya ghala inasoma 9,540. Dereva ana haraka, katibu wa AMCOS yuko kwenye simu anapiga kelele. Andika unachopokea.

Asiyejua anaandika 9,600 ili kuwe na amani, na kilo 60 zinakuwa deni la ghala mpaka siku ya kutoa mzigo. Mwingine anaandika 9,540 na kunyamaza, kesho AMCOS wanasema wameibiwa. Anayejua anapima tena mbele yao, anaandika ya mizani, anaandika tofauti kwenye nakala zote, dereva na mwakilishi wa AMCOS wanasaini. Dakika ishirini zinatosha. Aliyetoka 2021 kama kazi bado iko kichwani utaiona hapohapo. Kama imetoka utaiona pia, na hutakuwa umemuuliza alikuwa wapi.

#43 Afisa Mstaafu
Mzee hapo nakuvulia kofia. Nyongeza ndogo tu: karatasi hiyo wapewe wote watano au sita, siyo yule mwenye pengo peke yake. Na mambo ya TMX msiyaweke kwenye mtihani kama mnakusudia kumfundisha kila atakayeajiriwa.

#44 Binti Mikindani
Na usaili wenyewe je? Mimi niliwahi kuulizwa na jopo la watu wazima "una mpango wa kuzaa tena?" Kazi ya kukaa mapokezi.

#45 Afisa Mstaafu
Pole. Wanachotaka kujua huwa ni kama utakuwepo kazini, basi waulize hilo. "Msimu ukianza Oktoba mpaka Januari tunafanya kazi Jumamosi na wakati mwingine usiku. Kuna kitakachokuzuia?" Aulizwe mwanamume, aulizwe mwanamke, kwa maneno yaleyale. Kuhusu pengo, swali moja linatosha na ni la hiari: "Kuna lolote kuhusu kipindi hiki ungependa tulijue kwa ajili ya kazi hii?" Akisema hapana, mnaendelea. Akisema aliuguza, msiandike ugonjwa wa mtu kwenye fomu.

#46 Mwanasheria wa Kijiweni
Mimi swali la hiari silikubali. Mbele ya jopo hakuna hiari. Anayenyamaza anaonekana ana siri.

#47 Nesi wa Lindi
Mimi ningependa niulizwe. Nisipoulizwa najua wameshajijibu wenyewe vichwani.

#48 Binti Mikindani
Mimi nisiulizwe. Basi tena.

#49 Mama wa Lukuledi
Mleta uzi nina langu moja ambalo hamjaligusa. Sisi wa msimu je? Mimi nimepokea mizigo ghalani misimu minne, kila mwaka Oktoba mpaka Januari, kisha narudi shambani. Kwa fomu yenu nina mapengo manne ya miezi minane minane. Na uzoefu wangu ni miezi 16, yaani mwaka mmoja kamili, alama 8. Lakini nimeona msimu ukifunguliwa na kufungwa mara nne. Huyo mwenye mwaka mzima mfululizo kauona mara moja.

#50 Mhasibu wa Mtanda
Eh. Huyu kwa ile fomu ya zamani angekatwa 10 zote na bado.

#51 Afisa Mstaafu
Mama umenishika pabaya. Kwa kazi ya msimu kama hii mimi ningehesabu misimu badala ya miaka, msimu mmoja uliokamilika alama 8. Hapo una 32 sawa na namba 14.

#52 Mzee wa Stoo
Hapana hapo sikubali. Kazi ya ghala haiishi Januari. Kuna kutunza, kuna panya, kuna unyevu, kuna hesabu za kufunga na wakaguzi. Mtu wa msimu anaondoka ngoma ikiwa bado. Mpe nusu.

#53 Mama wa Lukuledi
Nusu ya nini? Nani alikuwa anapanga hayo magunia unayoyatunza wewe Machi?

#54 Kijana wa Chuno
Wakuu nimetoka kwa bosi. Amekubali tuite sita badala ya watano, kwa hiyo namba 14 anakuja. Karatasi ya Mzee wa Stoo ameipenda sana, anasema kwa nini hatukuwa nayo. Mwendelezo amekataa kuufuta moja kwa moja, anataka ubaki kama safu ya pembeni isiyoingia kwenye jumla, "kwa taarifa tu". Nimembishia kwamba jicho likishaiona limeiona, akasema tutaona.

Ila Mama #49 umeniongezea kazi. Nimepitia mafaili sasa hivi, nina waombaji watatu wa msimu niliowatupa chini kabisa siku ya kwanza. Nikiwahesabu kwa misimu, mmoja anaingia kwenye sita. Nikiwapa nusu kama Mzee anavyosema, hakuna anayeingia.

#55 Mzee wa Stoo
Nusu.

#56 Mama wa Lukuledi
Mzima! Na huyo mmoja anatokea wapi?

#57 Kijana wa Chuno
Mama, hapo sisemi 😄 Afisa Mstaafu, kama upo, naomba uniambie hizi hesabu za kufunga msimu tuzipe alama zake peke yake au tuziache ndani ya ujuzi?